Akaunti ya sarafu nyingi: maswali ya wenye kampuni ndogo za utalii Pwani

Nimeandika hesabu za kampuni ndogo za kutembeza wageni kutoka Diani hadi Malindi kwa miaka mingi, na maswali haya huyasikia kila msimu, mara nyingi pesa ikiwa imeshapotea. Wageni hulipa kwa yuro, kambi za Maasai Mara hudai dola, madereva hulipwa shilingi. Bei zote za mifano hapa chini ni za kukusaidia kufuata hesabu. Bei ya leo uiulize leo.

## Ya mwanzo

Akaunti ya sarafu nyingi ni nini hasa?

Ni akaunti moja kwa jina, lakini ndani yake kuna salio la kila sarafu peke yake: yuro zako, dola zako, pauni zako, shilingi zako. Benki nyingine hutoa namba moja kwa zote, na nyingine hutoa namba tofauti kwa kila sarafu halafu zote zikaonekana pamoja kwenye programu ya simu. Utakapokuja kumpa mteja namba ya kulipia, tofauti hiyo itakuwa na uzito mkubwa.

Kwamba una salio la yuro maana yake yuro iliyoingia inakaa yuro mpaka wewe mwenyewe useme ibadilishwe. Faida yote ya akaunti hii imo humo. Kwenye akaunti ya kawaida ya shilingi, benki hubadilisha pesa siku inapoingia, kwa bei inayoipenda, bila kukuuliza.

Je, Mkenya wa kawaida anaruhusiwa kuwa nayo?

Ndiyo. Sheria ya zamani ya kudhibiti fedha za kigeni ilifutwa mwaka 1995, na tangu hapo mkazi anaweza kuweka dola au yuro benki bila kibali maalumu. Benki itataka kitambulisho, namba ya KRA, na maelezo ya pesa inatoka wapi. Kwa kampuni itataka hati za usajili. Weka ankara zako tayari, kwa sababu malipo makubwa kutoka nje huulizwa.

Kwa nini benki ina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na yangu ni ipi?

Bei hizo zinasomwa kwa upande wa benki. Ukiwa na yuro na unataka shilingi, benki inanunua yuro, kwa hiyo yako ni bei ya kununua, ile ya chini. Ukitaka dola kwa shilingi zako, benki inauza, na yako ni ile ya juu.

Katikati yake kuna bei ambayo benki zenyewe huuziana. Kwa Kenya, njia rahisi ya kuijua ni kutazama wastani unaotangazwa na Benki Kuu kila siku ya kazi. Hakuna atakayekupa bei hiyo kwenye kaunta, lakini ndiyo kipimo chako. Umbali kati yake na bei uliyopewa nitauita pengo, na pengo ndilo gharama halisi ya kubadilisha, hata pale ubao unapodai kwamba hakuna kamisheni.

Pengo linahesabiwaje?

Tuseme wastani wa Benki Kuu ni shilingi 150 kwa yuro, na benki inanunua kwa 147. Pengo ni shilingi 3, yaani asilimia 2. Kwa yuro 2,000 umeacha shilingi 6,000 mezani. Fanya hesabu hiyo kabla ya kukubali. Tena linganisha na wastani wa siku hiyohiyo, maana wa jana unaweza kukudanganya kwa upande wowote.

## Pesa inapoingia

Mteja wa Ujerumani amelipa yuro, lakini nimeona shilingi. Imekuwaje?

Kuna mambo mawili. La kwanza, na ndilo la kawaida, ni kwamba ulimpa namba ya salio la shilingi. Lilinipata mimi mwenyewe. Karani alinichapishia maelezo ya akaunti, nikamtumia mteja bila kusoma, na yuro 3,000 zikaingia zikiwa shilingi kwa bei ya ubao. Nilipokwenda kulalamika niliambiwa, na ni kweli, kwamba namba niliyotoa ilikuwa ya shilingi. Tangu siku hiyo ninaandika kwenye kila ankara sarafu na namba yake kwenye mstari mmoja, na mteja mpya namwomba atangulize kiasi kidogo.

La pili ni kwamba benki ya mtumaji ndiyo iliyobadilisha kabla ya kutuma. Hutokea mteja anapojaza fomu ya mtandaoni inayochagua yenyewe sarafu ya nchi inayopokea. Akiona Kenya, mfumo unaandika KES, naye anabonyeza tu. Mwambie mteja mapema: atume EUR, na asikubali kubadilisha.

Nitajuaje ni nani aliyebadilisha, na nani aliyekata?

Omba nakala ya ujumbe wa malipo wa SWIFT. Wengi bado wanaiita MT103, ingawa mfumo mpya unatumia ujumbe uitwao pacs.008. Benki yako inayo, na ya mtumaji pia inayo. Kwenye MT103 tafuta mistari hii:

```
:32A:250310EUR1985,00
:33B:EUR2000,00
:71A:SHA
:71F:EUR15,00
```

Mstari wa 33B ni kiasi alichoagiza mteja, na 32A ni kiasi kilichofikishwa pamoja na tarehe, ukianza na mwaka. Hapa aliagiza 2,000, ikafika 1,985. Zile 15 zimeonekana kwenye 71F: zilikatwa njiani. Sarafu ni EUR kwenye mistari yote miwili, kwa hiyo hakuna aliyebadilisha. Kama 33B ingesema EUR na 32A ikasema USD au KES, ungeona pia mstari wa 36 wenye bei iliyotumika, na ungejua kwamba ubadilishaji ulifanyika kabla pesa haijafika kwako.

Ule wa 71A unasema nani analipa makato: `OUR` ni mtumaji, `BEN` ni mpokeaji, `SHA` ni kila mmoja na upande wake. Kwa malipo ya safari mimi huandika kwenye ankara kwamba mgeni atume kwa OUR. Wasipofanya hivyo, kila ankara itakuja pungufu kidogo na utakuwa unazifukuzia yuro 15 mpaka msimu uishe.

## Kubadilisha ndani ya akaunti

Ni lini kubadilisha ndani ya akaunti kunakuwa nafuu kuliko kwingine?

Kuna hali tatu ninazoweza kuzisimamia.

Kwanza, pesa inapokuwa tayari ni ya kielektroniki. Ukiitoa yuro taslimu ili uipeleke kwenye duka la kubadilishia fedha, benki nyingi hukata asilimia fulani kwa kutoa noti za kigeni, na noti zenyewe zinaweza zisiwepo siku hiyo. Unafuu wa dukani huishia hapo.

Pili, kiasi kinapokuwa kikubwa kiasi cha kuwafanya wakupe bei nje ya ubao. Hilo lina swali lake hapa chini.

Tatu, na hapa ndipo watu wa utalii hupoteza zaidi, unapotaka kutoka sarafu moja ya kigeni kwenda nyingine. Swali linalofuata ni la hilo.

Nimepokea yuro na kambi inataka dola. Nipitie shilingi?

Usipitie shilingi kama unaweza kuepuka. Kila unapobadilisha unalipa pengo, na ukipitia shilingi umelipa mara mbili.

Tufanye hesabu. Una yuro 2,000. Wastani wa siku ni 150 kwa yuro na 129 kwa dola. Kama kusingekuwa na pengo lolote ungepata dola 2,325 na senti kadhaa.

Njia ya shilingi: benki inanunua yuro kwa 147, unapata shilingi 294,000. Kisha inakuuzia dola kwa 131, unapata dola 2,244. Umepoteza dola 81, yaani asilimia 3.5.

Njia ya moja kwa moja, yuro kwenda dola ndani ya akaunti, benki ikichukua asilimia 1: kiwango kinakuwa dola 1.1512 kwa yuro, unapata dola 2,302. Umepoteza dola 23.

Tofauti ya njia hizo mbili ni dola 58, kama shilingi 7,500. Kwa safari moja. Kampuni inayopeleka makundi ishirini kwa msimu inaweza kumlipa msaidizi kwa pesa hiyo.

Benki yangu inasema inabadilisha moja kwa moja. Niiamini?

Ipime. Benki nyingine huonyesha kitufe kimoja cha yuro kwenda dola, lakini nyuma yake mfumo unanunua yuro kwa shilingi kisha unauza dola, kwa bei zilezile za ubao. Unaona hatua moja, unalipa mbili.

Chukua bei yao ya kununua yuro, gawanya kwa bei yao ya kuuza dola. Kwa mfano wetu, 147 kwa 131 ni 1.1221. Kama kiwango kilichotokea kwenye simu yako ni 1.1221 au karibu yake, umepita kwenye shilingi bila kujua. Kama ni 1.15 kwenda juu, hapo ni moja kwa moja kweli. Jaribu na yuro 50 kwanza, bonyeza mpaka ukurasa wa mwisho wa kuthibitisha, soma kiwango, kisha rudi nyuma kabla hujakubali.

Ukikuta wamekupitisha kwenye shilingi, mpigie ofisa wako na uombe kiwango cha moja kwa moja baina ya yuro na dola. Upo kwenye dawati la fedha za kigeni hata kama hauko kwenye programu ya simu.

Nitapataje bei iliyo bora kuliko ya ubaoni?

Kwa kuuliza. Bei ya ubaoni na ya kwenye simu ni ya mtu asiyeuliza. Kiwango cha chini cha kuzungumza kinatofautiana benki kwa benki, lakini usijihesabu mdogo mpaka wakuambie.

Mimi hupiga simu katikati ya asubuhi, soko likiwa limechangamka na wastani wa Benki Kuu umetoka. Nasema kiasi, sarafu ninayotoa na ninayotaka, na naomba bei ya mwisho. Siku moja karani wa tawi aliniambia, "Dada, hii ndiyo bei." Nikamjibu, "Hiyo ni ya ubao, kaka, naomba uniulizie ya dawatini." Akaenda ndani, akarudi na shilingi 1.20 zaidi kwa kila yuro. Kwa yuro 8,000 hiyo ni shilingi 9,600, kwa dakika tano za kungoja.

Bei ya dawatini hudumu dakika chache tu, kwa hiyo uwe tayari kusema ndiyo au hapana. Waombe waiandike kwenye barua pepe au ujumbe kabla ya kufanya muamala. Kama una akaunti benki mbili, uliza zote mbili.

Kuna saa au siku mbaya ya kubadilisha?

Mwisho wa wiki. Soko la dunia la fedha hufungwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa sita au saa saba za usiku kwa saa zetu, na hufunguliwa usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Katikati hapo, mtoa huduma anayekubali kubadilisha hujilinda kwa kupanua pengo, na baadhi ya programu za Ulaya huongeza ada ya mwisho wa wiki waziwazi. Kama kambi inadai Jumatatu, badilisha Ijumaa asubuhi.

## Pale kwingine kunapokuwa nafuu

Wageni wameniachia dola taslimu. Niziweke kwenye akaunti kwanza?

Kama unachotaka ni shilingi, hapana. Noti mkononi ndiyo bidhaa ya duka la kubadilishia fedha, na kwa noti kubwa safi, Mombasa mjini, mara nyingi hushinda bei ya noti ya benki. Isitoshe, benki nyingi hutoza unapoweka noti za kigeni kwenye akaunti ya dola, kwa hiyo unalipa kuziingiza na unalipa tena kuzibadilisha.

Angalia noti zenyewe. Za dola 1, 5, 10 na 20 hupewa bei ya chini kuliko za 50 na 100, na zenye toleo la zamani au zilizochanika hukataliwa, ingawa Marekani inazitambua zote. Waambie wageni kabla hawajasafiri.

Na PayPal, au Wise?

PayPal ni njia ya kupokea kwa wateja wasiotaka kutuma kwa benki, lakini ubadilishaji wake ni ghali: kiwango chake hukatwa asilimia 3 hadi 4 kabla hujakiona. Ukilinganisha na mfano wa pengo hapo juu, hata bei ya ubao ya benki inakuwa nafuu. Mwenye salio la PayPal aulize kama kuna njia ya kuitoa ikiwa bado dola, akabadilishe benki.

Wise hutumia wastani wa soko na kutaja ada yake waziwazi, kwa hiyo kwa ndugu aliye Uingereza au Ujerumani anayetuma shilingi nyumbani, huwa vigumu kuishinda. Ajue tu kwamba salio la Wise Uingereza halimo kwenye bima ya amana ya nchi hiyo. Wise inatakiwa kuitenga pesa ya wateja na ya kwake. Pa kupitishia pesa panafaa. Akiba ya nyumba aiweke benki.

Ada za akaunti hazili faida yote?

Zinaweza. Tuseme salio la dola linatozwa dola 5 kwa mwezi, na kubadilisha ndani kunakuokolea asilimia 1.5. Ili ada irudi unahitaji kubadilisha kama dola 334 kila mwezi. Ukipokea dola 200 kila baada ya miezi miwili, baki na akaunti ya shilingi ila uzungumze bei. Fungua salio la sarafu unayoipokea na kuilipa mara kwa mara. Salio la pauni lililofunguliwa kwa mgeni mmoja litatafunwa na ada kimyakimya.

## Kukaa na salio

Nizikalie dola mpaka zipande?

Nimeona watu wazima wakilia kwa sababu ya hili. Januari 2024 dola ilikuwa zaidi ya shilingi 160, na kila mtu aliamini inakwenda 200. Februari serikali ikauza hati mpya ya mkopo ya dola bilioni 1.5 ili kulipia ile ya mwaka 2014 iliyokuwa inaiva Juni. Hofu ikaisha, shilingi ikapanda, na ndani ya miezi michache dola ilikuwa karibu 130.

Aliyekalia dola 5,000 tangu ikiwa 160 alikuwa na shilingi 800,000, akaja kupata 650,000. Amepoteza 150,000. Pengo la asilimia 1 alilokuwa akiliogopa lingemgharimu 8,000.

Kalia dola za kulipa ankara za dola. Ukiwa na kambi inayodai dola 6,000 Agosti, dola 6,000 zikae, hata shilingi ifanye nini, kwa sababu deni lako nalo ni la dola. Zilizobaki ni mishahara, mafuta na kodi ya ofisi, na hayo yote ni shilingi. Zibadilishe kila zinapoingia.

Kadi ya akaunti hii italipa kutoka salio la sarafu husika?

Si lazima. Kadi nyingi za benki zetu zimefungwa kwenye salio moja. Ukilipa hoteli ya Berlin kwa yuro huku kadi imefungwa kwenye shilingi, yuro zako zimelala na shilingi zimebadilishwa kwa bei ya mtandao wa kadi pamoja na ada ya benki. Nunua kitu kidogo mtandaoni kwa yuro, kisha tazama ni salio lipi lililopungua.

Na mashine ikikuuliza ulipe kwa shilingi au kwa sarafu ya nchi uliyomo, chagua sarafu ya nchi hiyo. Bei ya shilingi inayoonekana hapo imepangwa na mwenye mashine.

Nina wateja na mali Tanzania. Mambo ni yaleyale?

Kuwa na akaunti ya dola kunaruhusiwa, lakini matumizi yamebadilika. Kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei au kulipana ndani ya Tanzania kwa fedha za kigeni, isipokuwa pale zilipotaja zenyewe. Mwenye nyumba wa Dar aliyezoea kudai dola sasa analipwa shilingi ya Tanzania. Kwa hiyo ile hoja ya kukalia dola kwa ajili ya ankara za dola hupungua nguvu huko, na inabaki kwa malipo yanayovuka mpaka. Kutoka shilingi ya Kenya kwenda ya Tanzania, uliza kama benki inapitia dola, na utumie kipimo kilekile cha kugawanya bei ya kununua kwa ya kuuza.

Nimebakiwa na yuro 38 na msimu umeisha. Nizifanyeje?

Usizibadilishe peke yake kama kuna ada ya chini kwa kila muamala, maana inaweza kumeza sehemu kubwa. Zipangie malipo ya yuro yanayokuja: mtandao wa kuwekea nafasi, bima, tangazo. Kama hakuna, ziunganishe na malipo ya kwanza ya msimu ujao, lakini kwanza soma masharti ya salio lisilotumika, kwa sababu baada ya muda fulani benki hulizuia na itakubidi uende tawini na kitambulisho kulifungua.